Namba za Baada ya Mkwaju: Kusoma Kibandiko cha Mashine Kwenye Picha

Mtu akiharibikiwa mashine ya kufulia, picha ya kwanza anayomtumia fundi huwa ya sura ya mbele: jina la kampuni, mlango wa kioo, kitasa cha kuchagulia programu, na pengine maandishi ya "7 kg". Kwa muuza spea wa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, picha hiyo haimsaidii. Sura ya mbele inaweza kubaki vile vile kwa miaka, huku nyuma yake pampu imebadilishwa, bodi imebadilishwa, na hata mota inatoka kiwanda kingine. Atakachojibu ni kifupi: nitumie namba.

Namba ipi, sasa? Kwenye mashine moja kunaweza kuwa na namba tano au sita, na nyingi kati ya hizo hazimpeleki mtu popote. Halafu namba yenyewe huja ndani ya picha iliyopigwa gizani, kwa mkono mmoja, kwenye kibandiko kinachong'aa. Kuna sehemu ya namba kama hiyo inayoweza kuokolewa kwa kufikiri, na kuna sehemu isiyookoleka mpaka picha ipigwe upya. Anayejua kutenganisha sehemu hizo mbili haagizi spea isiyoingia.

Nitatumia mashine za kufulia za Bosch kuwa mfano mkuu, kwa kuwa namba zake zina mpangilio unaoeleweka. Ukifungua mlango, kibandiko kwa kawaida kipo kwenye ukingo wa ndani, ama wa mlango wenyewe ama wa tundu la kuingizia nguo. Tafuta herufi "E-Nr." Mbele yake kuna mfuatano wa herufi na tarakimu, kisha mkwaju, kisha tarakimu mbili. Karibu na hapo kuna "FD" ikifuatiwa na tarakimu nne, halafu namba ndefu zaidi ya mfululizo.

Tuchukue namba ya namna hii kama mfano: WAE28364GB/01. Herufi tatu za mwanzo hutaja aina na ukoo wa mashine. W ni ya kufulia. Tarakimu mbili zinazofuata ni kasi ya kukamua iliyogawanywa kwa 50: 20 ni mizunguko 1000 kwa dakika, 24 ni 1200, 28 ni 1400 na 32 ni 1600. Tarakimu tatu zinazobaki hutofautisha modeli ndani ya ukoo huo. Herufi mbili za mwisho ni soko lililokusudiwa: GB ni Uingereza, IN ni India, ZA ni Afrika Kusini, GC ni nchi za Ghuba. Mpaka hapo unajua modeli, lakini bado hujajua toleo. Toleo limo kwenye zile tarakimu mbili za baada ya mkwaju, na ndizo watu huziacha kwa sababu zinaonekana kama mapambo. Kiwanda kikibadilisha kitu chenye uzito katika modeli ile ile, hubadilisha tarakimu hizo na kuliacha jina kama lilivyo. Kwa hiyo mashine mbili zilizotengana kwa /01 na /07 zinaweza kuhitaji pampu mbili tofauti, ingawa dukani zilisimama bega kwa bega kwa bei moja.

Namba ya FD ni tarehe ya kutengenezwa, ila imeandikwa kwa fumbo dogo. Chukua tarakimu mbili za kwanza, ongeza 20, nawe umepata mwaka. Mbili za mwisho ni mwezi. FD 7803 ni 78 na 20, yaani 98: Machi 1998. FD 9103 ni 91 na 20, yaani 111: Machi 2011. Muuzaji wa mitumba akikuambia mashine ni ya 2018 na kibandiko kinasema 91, hakuna haja ya kubishana naye kwa maneno. Lakini kazi kubwa ya FD si kumbana muuzaji. Orodha za spea za kampuni hii mara nyingi huandika kwamba kifaa fulani ni cha mashine za kuanzia FD fulani mpaka FD fulani, kwa hiyo tarehe ni shahidi wa pili wa toleo, na shahidi huyo tutamhitaji punde.

Sasa picha. Tuseme imetumwa kwa WhatsApp, imefifia, na mwanga wa flashi umekula upande wa kulia wa kibandiko. Unachoona ni WAE2, kisha alama ambayo ni 8 au B; halafu 364; halafu G, kisha alama nyingine ambayo ni B au 8; mkwaju; 0; na mwisho 1 au 7. Chini yake, FD 910, kisha 3 au 8.

Macho peke yake hayatakufikisha mbali hapa, hata ukikuza picha mpaka iwe miraba. Kinachosaidia ni mpangilio wa namba. Alama ya tano iko mahali pa tarakimu, kwa hiyo haiwezi kuwa B, ni 8. Hata hivyo usitosheke hapo, maana 8 iliyofifia hufanana pia na 6 na 0. Rudi kwenye ile picha ya mbele ya mashine, ambayo mwanzo haikuwa na faida. Kwenye kitasa au kwenye skrini kuna kasi ya juu ya kukamua. Ikiwa ni 1400, basi ni 28, na mambo yamekubaliana. Ikiwa ni 1000, basi ulichodhani ni 8 kilikuwa 0, na umejiepusha na gharama.

Alama iliyo baada ya G iko mahali pa herufi za soko. G8 haipo, ni GB. Hapa watu huongeza ushahidi wa plagi: mashine ina plagi ya miguu mitatu ya mraba, basi ni ya Uingereza. Ushahidi huo haufai kitu kwetu. Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za aina hiyo hiyo, na mashine iliyotoka Ujerumani hukatwa plagi yake na kufungwa nyingine siku ileile inaposhuka kwenye kontena.

Yabaki mawili: 01 au 07, na FD 9103 au 9108. Mpangilio hauwezi kuamua lolote kati yao. Matoleo yote mawili yanawezekana, na Machi na Agosti ni miezi halali. Ingekuwa FD 9113 ungejua mara moja umesoma vibaya, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Lakini bahati hiyo hatunayo. Unaweza kuchungulia orodha ya spea na kuona kama pampu ya /01 na ya /07 ni moja. Ikiwa ni moja, suala limekwisha, agiza. Ikiwa ni mbili, na orodha inagawanya kwa FD katikati ya Machi na Agosti 2011, basi umekwama kihalali. Hapo jibu la kitaalamu ni kuomba picha nyingine. Fundi anayebahatisha mahali hapa ndiye anayeishia kubishana na duka kuhusu spea iliyokwisha kufunguliwa.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu njia yake inahamishika. Kila alama yenye utata iulizwe maswali yale yale kwa mfuatano: mahali pake panaruhusu herufi au tarakimu? Thamani yake inawezekana? Kuna kitu kingine kwenye mashine kinachosema jambo hilo hilo? Jozi zinazosumbua ni zile zile kila siku: 0 na O, 1 na I, 8 na B, 5 na S, 2 na Z, 6 na G. Kinachobadilika kutoka kampuni hadi kampuni ni mahali toleo lilipofichwa.

Kwa mashine za Electrolux na jamaa zake kama AEG na Zanussi, jina linaloandikwa mbele ya "Mod." ni la kuuzia. Linalotambulisha mashine ni "Prod. No.", tarakimu tisa zinazofuatwa na mbili za toleo. Namba yake ya mfululizo huanza na tarakimu moja ya mwaka na mbili za wiki: 849 ni wiki ya 49 ya mwaka unaoishia na 8. Ukisoma 879 umekosea, kwa sababu mwaka hauna wiki 79. Tatizo ni kwamba tarakimu moja ya mwaka haikuambii ni 2008 au 2018. Kwa LG mambo yanafanana: tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, hivyo 205 ni Mei 2012 au Mei 2022. Muongo wenyewe utaupata kwa kutazama mashine: aina ya skrini, gesi iliyotajwa, au lebo ya nishati. Mashine ya kufulia iliyouzwa Ulaya ikiwa na lebo ya nishati yenye msimbo wa QR, lebo hiyo ni ya mtindo ulioanza Machi 2021, na msimbo wenyewe hufungua ukurasa wa modeli hiyo kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya.

Samsung huandika modeli kisha mkwaju na herufi za soko, mfano /EU kwa Ulaya au /AA kwa Marekani. Tarehe imefichwa ndani ya namba ya mfululizo yenye alama 15: ya nane ni mwaka kwa herufi, ya tisa ni mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa A, B na C. Herufi za miaka hazifuati alfabeti moja kwa moja: H ni 2016, J ni 2017, K ni 2018, M ni 2019, N ni 2020, R ni 2021. Hakuna I wala L wala O hapo katikati, na ukipata herufi kama hizo kwenye nafasi ya nane, ama umehesabu vibaya ama umesoma vibaya. Kuhesabu vibaya ndiko kunakotokea zaidi. Weka kidole.

Friji ina matatizo yake, na la kwanza ni kwamba watu hupiga picha kibandiko kisicho chake. Anazunguka nyuma, anaona kile chungu cheusi cha kompresa kina lebo safi yenye namba, anaipiga na kuituma. Lebo hiyo imeandikwa Embraco, Secop au Jiaxipera, na namba yake ni ya kompresa. Inafaa sana ukitafuta kompresa, haifai kitu ukitafuta raba ya mlango au feni, na kama kompresa iliwahi kubadilishwa inakupoteza kabisa. Kibandiko cha friji yenyewe mara nyingi kipo ndani, ukutani pembeni ya droo za mboga, ndiyo maana hakionekani mpaka droo itolewe. Jambo la pili ni neno "Type". Kwenye vibandiko vingi hilo ni jina la ukoo uliopimwa usalama kwa pamoja, na modeli kadhaa zinaweza kuwa chini yake. Mtu huliona limeandikwa kwa herufi kubwa, analichukua kuwa ndiyo modeli, na dukani anapewa orodha ndefu.

Mistari mingine ya kibandiko cha friji ni ushahidi wa toleo kama namba zenyewe, na ina faida ya kusomeka hata picha ikiwa mbaya. Gesi ni mmojawapo. R134a na R600a hazichanganywi, na modeli yenye jina moja inaweza kuwa imepita kutoka moja kwenda nyingine katika maisha yake sokoni. R600a inawaka, ndiyo maana kiwango chake kwenye friji za nyumbani kimewekewa mpaka wa gramu 150, na nyingi zina pungufu ya hapo. Ukisoma herufi za gesi kwa shaka, tazama gramu, kisha tazama kompresa kama ina alama ya pembetatu ya moto. Vitu hivyo vitatu vikikataa kupatana, friji hiyo imeshafunguliwa na mtu, na usiongeze gesi mpaka ujue kilichomo.

Mstari mwingine ni daraja la hali ya hewa, ambao kwa watu wa pwani una maana kuliko hata mwaka wa kutengenezwa. N ni friji iliyoundwa kufanya kazi penye nyuzi 16 mpaka 32 za Selsiasi; SN ni 10 mpaka 32; ST ni 16 mpaka 38; T ni 16 mpaka 43. Friji ya mtumba iliyoandikwa N peke yake, ikiwekwa jikoni Tanga mwezi wa Februari, itanguruma mchana kutwa bila kupumzika na mwenyewe atamwita fundi akidhani gesi imeisha. Kibandiko kilimwambia mapema. Vivyo hivyo voltiji: bidhaa ya Japani huandikwa 100 V na ya Marekani 115 au 120 V, na hapo hakuna haja ya kuendelea kusoma kabla hujapata transfoma.

Picha mbaya nyingi hazisababishwi na simu mbovu. Mpigaji husogea karibu mno. Kamera ya simu ina umbali ambao chini yake haiwezi kuweka fokasi, kwa hiyo rudi nyuma kama sentimita 25 hivi kisha kuza mara mbili. Zima flashi, mwambie mwenzako amulike kwa tochi kutoka upande, na usimame kwa mshazari kidogo ili mng'ao uende kwingine. Piga picha ya kibandiko chote kwanza, halafu ya namba peke yake. Ya kwanza inaonyesha namba inasimama mbele ya neno gani, ya pili inasomeka. Kama kibandiko kipo nyuma ya friji na nafasi ni ya kupitisha mkono tu, ingiza simu ukiwa umewasha video na uipitishe polepole, halafu chagua fremu. Kamera ya mbele iepuke kwa kazi hii, maana simu nyingine hugeuza maandishi kulia kushoto, na ukisoma namba iliyopinduka bila kugundua utajitengenezea toleo ambalo kiwanda hakijawahi kulifikiria. Kibandiko kichafu kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Tina na petroli huondoa wino pamoja na mafuta.

Kutuma nako kuna hasara. WhatsApp hubana picha ya kawaida, na herufi ndogo ndizo za kwanza kuumia. Itume kama hati, au kwa ubora wa HD, na utaona tofauti. Kama kwenye picha kuna msimbopau ulio wazi, usome kwanza kabla ya kuhangaika na herufi: ielekeze programu ya kusomea misimbo kwenye picha iliyo kwenye skrini nyingine. Misimbopau ya aina ya Code 128, inayotumika sana kwenye vibandiko hivi, hubeba alama ya kujihakiki ndani yake, hivyo kwa kawaida programu ama inatoa jibu sahihi ama inakataa kusoma. Mara nyingi kilichomo ni namba ya mfululizo, wakati mwingine ni namba ya ndani ya kiwanda isiyokusaidia. Utatambua kwa kulinganisha na tarakimu chache ulizoweza kuziona.

Kuna jambo ambalo picha nzuri kuliko zote haiwezi kulimaliza. Kibandiko kinaeleza mashine ilivyotoka kiwandani. Kwenye magodauni ya mitumba milango ya friji na ya mashine za kufulia huhamishwa, na mashine ambayo kibandiko chake kipo kwenye mlango inaweza kuwa inatembea na kitambulisho cha mwenzake. Ndiyo sababu nafuata zaidi kibandiko kilichobandikwa kwenye mwili wa mashine, na kama kuna viwili, cha mlangoni na cha mgongoni, naomba vyote. Vikitofautiana, cha mwili ndicho kinachoeleza drami, mota na pampu, na cha mlango kinaeleza mlango.

Bodi ni kesi ya peke yake. Bodi za mashine za kisasa hubeba programu inayolingana na modeli, kwa hiyo bodi mbili zinazofanana kwa umbo, plagi na rangi zinaweza kukataana na mashine moja: mashine inawaka, taa zinapepesa, mlango haujifungi, au inakamua kwa kasi isiyo yake. Hapo namba ya kibandiko inakufikisha kwenye bodi inayotakiwa kuwepo, lakini iliyopo huenda iliwekwa na fundi aliyepita. Fungua kifuniko baada ya kuchomoa umeme, tafuta stika ndogo nyeupe iliyo kwenye bodi yenyewe, nayo uipige picha kwa utaratibu ule ule, kisha uilinganishe na namba ambayo orodha ya spea imeitaja kwa E-Nr. nzima, mkwaju na tarakimu zake mbili. Kumbuka tu kwamba namba ya bodi hubadilika kiwanda kinapotoa mpya ya kurithi ya zamani, kwa hiyo tofauti peke yake haitoshi kusema bodi si yake. Angalia kwanza kama orodha inasema hii imechukua nafasi ya ile.